Nimepunguzwa kazi, niko na loni ya sako na ya benki: hizi pesa nizigawe aje?

"Habari bosi. Niko Nakuru, miaka 38, nimefanya kazi ya stoo kwa kiwanda miaka 12, mshahara 48,000. Mwezi huu tumepewa barua za kupunguzwa. Yangu inasema sevaransi 288,000, notisi 48,000, likizo 36,900, jumla 372,900 kabla ya kodi. Pia kuna fomu ya kuondoka kwa hiari, ukisaini unaongezwa 20,000. Deni: sako 186,000 (akiba yangu huko ni 140,000, nalipa 8,900 kwa mwezi), benki 214,000 (nalipa 11,300), Fuliza 6,500, apu ya simu 14,000, duka 4,000. Nyumba inakula kama 31,000, bibi anashona nguo Kaptembwo anapata kama 9,000. Watoto wawili. Nataka nifungue stoo ya nafaka na 200,000, zingine zilipe deni. Nishauri kabla sijasaini."

Ndugu yangu, hio fomu ya hiari usiisaini kwanza. Nitakuambia kwa nini nikifika kwa benki, lakini kama leo utafanya kitu kimoja tu basi iweke kwa droo na umwambie afisa wa wafanyikazi bado unaisoma.

Tuanze na hio 372,900 juu hio sio pesa yako, pesa yako ni ile itabaki KRA ikishapita. Hapa watu wengi huumia bila kujua. Kuna maofisi yanachukua jumla yote, yanaiweka kwa peislipu ya mwezi mmoja kana kwamba wewe ni mtu wa mshahara wa 372,900, halafu kodi inakatwa kwa ile daraja ya asilimia 30 karibu yote. Nimekupigia, ukikatwa hivyo kodi inafika kama 104,000 na unaenda nyumbani na 268,000 hivi. Lakini sheria ya kodi ya mapato haisemi hivyo kuhusu fidia ya kuachishwa kazi. Kama kandarasi yako haina mwisho na iko na kipengele cha kulipwa ukiachishwa, ile fidia inahesabiwa kama imeingia pole pole baada ya kuondoka, kwa kiwango cha mshahara uliokuwa ukipata. Kama kandarasi imenyamaza kuhusu fidia, inatandazwa miaka mitatu mbele. Kwa njia ya kwanza kodi yako inashuka hadi kama 52,000 unabaki na karibu 320,000. Kwa njia ya pili inashuka hata zaidi, lakini mimi nitatumia 320,000 kwa hesabu zote hapa chini ndio nisikupe matumaini ya bure.

Kwa hivyo kabla pesa haijatoka, omba waonyeshe kwa karatasi venye kodi imehesabiwa. Wakikataa au wakikosea usipigane nao sana, hakikisha tu umepewa P9, ukijaza ritani yako kwa iTax kabla ya tarehe 30 Juni mwaka ujao unaweza kudai kilichozidi. Tatizo ni kwamba hio ya kurudishiwa inachukua muda, na wewe unataka pesa sasa, ndio maana nasema uliza mapema. Ukiwa huko waulize pia wamegawa mshahara na siku ngapi. Sheria ya ajira ya 2007, kifungu cha 40, inasema usipungukiwe siku 15 kwa kila mwaka uliomaliza, na wao wamegawa kwa 30, ndio ukapata 24,000 mara 12. Wakigawa kwa siku 26 za kazi inakuwa kama 332,000. Kama mko na chama cha wafanyikazi angalia makubaliano yenu, mara nyingine siku ni zaidi ya 15 kabisa.

Haya, deni. Wewe umeziona kama rundo moja la 424,500 na unataka kulipa "zingine". Mimi nilikaa dawati la mikopo kwa sako miaka 14, na pia mimi nilipunguzwa, kwa hivyo nimeona hii kitu kutoka pande zote mbili za meza. Deni hazifanani. Usiangalie ni gani kubwa, jiulize hii nisipoilipa miezi miwili itanifanya nini, na nikiilipa leo itaniachilia shilingi ngapi kila mwezi.

Fuliza na apu lipa siku ile ile, pamoja na duka. Hizo ni 24,500, hakuna cha kufikiria hapo. Sio tu ile gharama ya kila siku, shida ya Fuliza ni kwamba kila shilingi inaingia kwa laini yako inamezwa kwanza. Sasa fikiria unaanza biashara, mteja anakutumia 1,800 ya maharagwe, na pesa ya stoki imeenda kulipa Fuliza ya wiki iliyopita, kesho unaenda soko na nini? Ukishalipa, jiondoe kwa hio huduma kabisa, hata kama unaona ni kama unajivua nguo. Na mwenye duka mlipe juu utamhitaji, huyo ndiye atakupa unga ile siku mambo yameharibika.

Sasa sako, na hapa nataka twende pole pole.

Wewe uko na loni ya 186,000 na akiba ya 140,000. Ukiwa kazini hio akiba huwezi kuigusa, ndio imeshikilia mkopo pamoja na wadhamini wako. Lakini ukitoka kwa uanachama, sako huchukua akiba ikamega loni, inaitwa ofseti, na unabaki na deni ya 46,000 tu. Yaani kwa kutoa 46,000 unafuta malipo ya 8,900 kila mwezi ambayo yangeendelea karibu miaka miwili. Hakuna mahali pengine kwa hii hesabu yako yote utapata shilingi inafanya kazi hivyo. Linganisha na benki, ukitoa 46,000 kwa loni ya benki bila kupanga nao, mwezi ujao bado wanataka 11,300 ile ile, labda tu loni iishe mapema kule mbele.

Najua utaniambia sako ndio imekusomesha watoto na ukitoka utapoteza nafasi ya kukopa mara tatu ya akiba. Ni kweli, unapoteza, na inauma. Lakini kukopa mara tatu ni ya mtu mwenye peislipu. Chek-ofu ikikatika, malipo yanakuja kutoka mfukoni, na mwezi wa tatu ukichelewa, sako inaenda kwa wadhamini. Na wadhamini wako ni akina nani? Bila shaka ni watu wa kiwanda hicho hicho, pengine wawili wao wamepata barua kama yako. Yule aliyebaki kazini ndiye atakatwa mshahara kwa sababu yako. Nimeona urafiki wa miaka 20 ukiisha kwa dawati langu, mtu amekuja na peislipu ananiuliza hii 4,200 ni ya nini, namwambia ni ya fulani uliyemwekea saini, na ananyamaza kwanza kabla aanze kulia au kutusi.

Kuna mtego mmoja hapa lazima uuangalie kabla ya kuandika barua ya kutoka. Wewe umemdhamini nani? Kama umeweka saini kwa loni ya mwenzako na bado analipa, akiba yako imefungwa huko pia, na sako haitakubali ofseti mpaka apate mdhamini mwingine. Watu husahau hii kabisa, anakuja mtu ameandika barua, amepanga kila kitu, tunafungua kompyuta tunapata amedhamini watu watano. Kwa hivyo enda uombe stetimenti mbili, ya loni na akiba yako, na ya wale umewadhamini. Kama wako, wapigie leo, wakati bado mnaonana kwa geti, baadaye kila mtu atakuwa amerudi kwao Bomet au Kakamega na simu haishikwi. Pia uliza notisi ya kutoka ni siku ngapi, sako nyingi ni 60, na hizo siku riba inaendelea, kwa hivyo andika mapema. Hisa za mtaji kwa kawaida hazirudishwi, unamuuzia mwanachama mwingine, usizihesabu.

Turudi benki, na ile fomu.

Chukua mkataba wa loni, zile karatasi ulisaini haraka, utafute sehemu ya bima. Ulipochukua loni ulikatwa bima, wengi hufikiria ni ya kifo tu. Benki nyingi zetu huweka pia kipengele cha kupoteza kazi, bima inakulipia malipo ya mwezi kwa miezi michache, kuna za mitatu na kuna za sita. Lakini masharti yake ni makali, lazima uwe umepunguzwa na mwajiri, sio umejitoa, na lazima udai ndani ya siku zilizoandikwa, na unapeleka barua ya kupunguzwa pamoja na fomu yao. Umeona sasa? Ukisaini kuondoka kwa hiari, kwa karatasi wewe umejitoa. Bima ikilipa miezi mitatu tu ni 33,900, na wao wanakupa 20,000 ambayo pia itakatwa kodi. Tena ukisaini hiari ni vigumu baadaye kwenda mahakama ya ajira kusema upunguzaji haukufuata utaratibu. Kama mkataba wako hauna hio bima, au umetoka kwa muda wa kudai, basi hesabu inabadilika na 20,000 inaweza kuwa na maana. Lakini soma kwanza.

Jambo la pili kwa benki, na hili lilinipata mimi mwenyewe. Pesa za kupunguzwa zinaingia kwa akaunti gani? Kama ni ile ya mshahara, na loni iko benki hio hio, mikataba mingi inaipa benki haki ya kuchukua pesa iliyo kwa akaunti yako ikalipe deni, na kuna mingine mwajiri aliweka saini kwamba malipo ya mwisho yatapitia hapo. Mimi niliamka Jumatatu nikapata akaunti imebaki na elfu tatu na mia kidogo. Hawakuvunja sheria yoyote, nilikuwa nimesaini. Nilikaa miezi minne nikiishi kwa shemeji yangu. Sikuambii ufiche pesa, nakuambia uende uongee nao kabla haijaingia, ukiwa hujachelewa hata siku moja, maana saa hii wewe ni mteja mzuri, na ukishapitisha siku 90 bila kulipa loni inahesabiwa mbovu, unapelekwa CRB na yule afisa wa tawi hana tena uwezo wa kukusaidia.

Unaenda na barua ya kupunguzwa, stetimenti, na karatasi moja ya mapendekezo. Unaomba vitu viwili. Kwanza, wasichukue pesa yote, bima ilipe miezi yake. Pili, loni iongezewe muda. Kama riba yako ni kama asilimia 16 kwa mwaka, uko na miezi 22 imebaki, ukiomba iwe 40 malipo yanashuka kutoka 11,300 hadi karibu 7,000. Ndio, utalipa riba zaidi kwa jumla, sikatai. Lakini wewe saa hii hununui riba ya chini, unanunua miezi ya kupumua, na hio 4,300 kila mwezi ni karibu kodi ya nyumba ya mtu mtaani. Wakikubali, wakuandikie. Maneno ya kaunta hayasaidii, yule afisa atahamishwa Kericho na mpya hajui chochote. Wakikataa kabisa, bado utakuwa umejua kabla pesa haijaingia, na unapanga upya ukijua ni 11,300.

Basi weka pamoja. 320,000, toa 24,500 za deni ndogo, toa 46,000 za sako, unabaki na 249,500.

Nyumba sasa. 31,000 ilikuwa ya mtu wa mshahara, na ndani yake kuna nauli ya kwenda kazini, chai ya kazini, zile za wikendi, unajua mwenyewe. Kaeni chini na mama watoto muishushe hadi 27,000. Nasema kaeni wawili, sio wewe umletee karatasi, maana yeye ndiye anajua gesi inaisha siku gani. Yeye analeta 9,000, basi pengo ni 18,000. Ongeza benki 7,000, inakuwa 25,000 kila mwezi. Miezi sita ni 150,000. Hio usiiache kwa M-Pesa na usiiache kwa akaunti ya mshahara. Weka kwa mfuko wa soko la fedha, zile za kutoa pesa ukingoja siku mbili tatu za kazi, hizo siku zenyewe ni dawa, juu mjomba akipiga simu usiku ati kuna dharura, huna cha kumtumia usiku. Kila tarehe 28 unatoa 25,000 basi, unajilipa mshahara. Ikiisha tarehe 19, mnakula sukuma hadi 28.

Tenga 20,000 ingine kando ya karo na SHA. Usisahau SHA, ukiwa kazini ilikuwa inakatwa asilimia 2.75 kimya kimya, ukitoka wewe ni mtu wa sekta isiyo rasmi, unapimwa uwezo halafu mchango unalipwa kwa mwaka. Usipolipa na mtoto aingie wodini, hio 150,000 yote inaweza kwenda wiki moja. NSSF usiipigie hesabu, hio ni hadi 50 kwa mtu aliyeacha kazi mapema, wewe uko 38. Kama kulikuwa na skimu ya pensheni ya kampuni, uliza unaruhusiwa kutoa kiasi gani, lakini mimi ningeiacha ikae.

Sasa umebaki na 79,500. Hizo ndio za biashara, sio 200,000. Najua hapa umenikasirikia. Na tena hata hizo 79,500 hutaziweka zote, utaanza na 40,000 na ile 39,500 ikae kwa fandi bila kuguswa mpaka daftari liseme.

Nafaka sio wazo baya, usinielewe vibaya. Umekaa stoo miaka 12, unajua kupokea mzigo, kupima, kuandika, na hio wengi wanaofungua stoo za nafaka hawajui. Lakini ulikuwa ukihesabu mali ya mtu. Stoo ya 200,000 inamaanisha magunia yamekaa, na gunia lililokaa linaliwa na dumuzi na pia linaliwa na bei. Ukijaza mahindi Agosti na wakulima wa Molo, Njoro na Rongai wavune mwisho wa mwaka, bei inashuka na wewe uko na stoki ya bei ya juu. Nilimwona mtu mmoja mtaa wa London hapa Nakuru na magunia 60 aliyoyauza kwa hasara ndio apate karo ya Januari.

Bibi ako na kibanda Kaptembwo. Ongeza kibaraza chake, tuseme kodi iongezeke 2,000. Bei nitakazoweka ni za mfano, ukifika soko la Wakulima utaweka zako. Maharagwe magunia mawili ya kilo 90 kwa 10,800 ni 21,600. Mahindi mawili kwa 4,200 ni 8,400. Hio ni 30,000. Mizani ya mkono wa pili 4,000, na lazima ipigwe muhuri na watu wa vipimo, usipite hapo. Mifuko, debe, gorogoro 1,500. 4,500 inabaki kwa leseni ya kaunti na mkokoteni, ulizia leseni kabla ya kupanga vitu barabarani.

Gunia la maharagwe ukiuza kilo kwa 150, usihesabu kilo 90, hesabu 87, kuna vumbi, kuna mawe, kuna ile unaongeza mkono kwa mteja. Inakuwa 13,050. Toa 10,800 ya kununua na 200 ya kubeba, umepata 2,050. Gunia la mahindi kwa kilo 57, kilo 88, unapata kama 600 hivi tu. Umeona? Mahindi ni ya kumleta mtu, maharagwe ndio yanakulisha. Ukiuza gunia moja la kila aina kwa wiki, mwezi umeingiza kama 10,600, toa kodi na mifuko, 8,000 hivi. Hio haitoshi nyumba. Ukiuza mawili mawili kwa wiki inakuwa 18,700, na hio sasa imefunika ile 18,000 ya nyumba. Kwa hivyo usiniambie "biashara inaendelea vizuri". Niambie ni magunia mangapi kwa wiki.

Vitu vya kuua hii biashara navijua vitatu. Gorogoro ya kujaza na kilima juu, pima mara moja kwa mizani uone hicho kilima ni gramu ngapi, utashtuka, halafu uamue unauza kwa kilo au kwa gorogoro ya kukatwa. Deni ya wateja, weka mwisho wa 3,000 kwa jumla ya mtaa wote, ikifika hapo anayefuata anaambiwa ngoja fulani alipe. Na chakula cha nyumbani, mkichota maharagwe ya kupika andika na mlipe kutoka kwa ile 25,000, la sivyo utaona stoki inapungua na pesa haiko na mtaanza kushukiana.

Mahindi unaponunua usiangalie rangi tu, yanafaa yawe na unyevu usiozidi asilimia 13.5 na wewe huna mashine. Chukua chupa ya glasi kavu, weka mahindi robo, weka chumvi kavu vijiko viwili, tingisha dakika moja mbili, uache itulie. Chumvi ikishika kwa ukuta wa chupa, hayo mahindi ni mabichi bado, yatapata ukungu kwa gunia na huo ukungu ndio unaleta sumu kuvu. Mwachie mwenyewe hata akikupunguzia 500.

Andika daftari kila jioni wiki 12, umenunua, umeuza, unadaiwa, mmekula. Kama kufika wiki ya nane unauza magunia mawili ya maharagwe kwa wiki bila deni kupita 3,000, chukua nusu ya ile 39,500 uongeze ndengu na njugu, sio mahindi. Kama wiki ya 12 bado ni gunia moja, kibaraza kimekuonyesha mtaa wako unakula kiasi gani. Uza kilichobaki, mizani itakurudishia kitu, na ile 39,500 ihesabu kwa nyumba, hio ni mwezi na nusu zaidi ya ile sita, ukitafuta kazi ya stoo kwingine.